Bima ya harusi isiyokubali harusi

Kwa wakurugenzi wa kampuni zinazokatia droni bima nchini Kenya,

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Ukunda, na mmoja wenu amekuwa akipokea ada yangu ya bima kwa miaka mitatu bila kukosa. Jina lake nimeliacha, kwa kuwa nimezisoma hati za wenzangu wanne waliokatiwa bima kwenu kwa nyakati tofauti na maneno yanakaribia kuwa yale yale. Ugomvi wangu basi si na ofisi moja. Ni na namna mlivyokubaliana kuiandika bima hii.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa Agosti, kusi limekaza, harusi iko ufukweni Diani mbele ya hoteli. Bwana harusi alitaka kuletwa na ngalawa kutoka upande wa kaskazini, aingie ndani ya mwamba, ashukie mbele ya hema la wageni. Droni yangu ina uzito wa gramu 900 hivi, na mtengenezaji anasema inahimili upepo wa mita 12 kwa sekunde. Imesajiliwa, leseni ya urubani ninayo, na kazi za kulipwa nazifanya chini ya kampuni iliyoidhinishwa. Kibali cha siku hiyo nilikuwa nacho pia: mwisho wa kuruka saa kumi na moja jioni, na kimo kisizidi futi 150 kutoka ardhini, yaani mita 45 na kidogo.

Niliifuata ngalawa kwa mita 600 hivi kuelekea kaskazini. Kwenda ilikuwa rahisi, maana kusi lilikuwa linaisukuma mgongoni. Huo ndio mtego wa pwani yetu wakati wa kusi: ukienda kaskazini unajiona rubani hodari, hesabu inakuja wakati wa kurudi. Betri ikiwa asilimia 45 mawasiliano yakakatika, nadhani kwa sababu ya minazi na jengo la hoteli lililokuwa kati yetu. Droni ikafanya ilivyofundishwa. Mawasiliano yakipotea hupanda hadi kimo kilichowekwa, kisha hurudi ilikoondokea. Kimo hicho mimi nilikuwa nimekiweka mita 80 wiki mbili nyuma, kwenye kazi ya machimbo ya mawe ambako kulikuwa na mitambo mirefu ya kuruka juu yake. Sikukirudisha chini. Kosa hilo ni langu, na nitalirudia mbele kwa sababu sina nia ya kulificha.

Kule juu mita 80 upepo si ule unaoupapasa uso wako ukiwa mchangani. Mawasiliano yaliporudi niliona kwenye skrini droni imeelekeza pua kusini huku inasogea kaskazini. Nikabonyeza kuzima kule kurudi kwenyewe, nikaishusha hadi mita 15, nikaitia kwenye mwendo wa kasi, ikaanza kuja. Lakini betri ilikuwa imekwisha kuliwa. Ilifika mbele ya hema ikiwa na asilimia 9, na ikaanza kujitua yenyewe, jambo ambalo rubani hawezi kulizuia, anaweza tu kuisukuma pembeni. Nikaisukuma upande usio na watu. Ikagusa kamba ya hema kwenye mita tatu juu ya mchanga, ikapinduka, na propela moja ikampata mhudumu wa chakula kwenye mkono, chini ya kiwiko. Alikuwa amebeba sinia la sambusa. Hakulidondosha, aliliweka mezani kwanza ndipo akautazama mkono wake.

Alishonwa nyuzi saba. Matibabu, usafiri na wiki tatu za kukosa kazi, jumla shilingi 74,000. Yeye ni kibarua wa siku. Asipobeba sinia halipwi. Droni yenyewe ilikuwa haitengenezeki.

Nikaleta madai mawili: la mhudumu chini ya sehemu ya madhara kwa mtu wa tatu, na la droni chini ya sehemu ya chombo. Mkadiriaji wenu wa hasara akaomba rekodi ya safari, nikampa siku ileile. Kwa msomaji asiyezijua: droni hizi huandika karibu kila kitu mara kumi kwa sekunde, mahali ilipo, kimo, kasi, nguvu ya betri, na hata kidole cha rubani kimesukuma nini. Jibu likaja baada ya wiki tano. Rekodi ilionyesha droni imekaa juu ya futi 150 kwa sekunde 70. Huko ni kukiuka kibali, kukiuka kibali ni kuruka kinyume cha sheria, na hati inasema hasara yoyote inayotokea katika safari iliyo kinyume cha sheria haifidiwi. Madai yote mawili yakafungwa kwa aya moja.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Kuhusu chombo changu, chukueni neno lenu. Sekunde zile 70 ndizo zilizokula betri, na betri ndiyo iliyoiangusha droni. Mkinyima fidia kwa kosa lililoleta hasara yenyewe, sina pa kushika. Lakini mhudumu alikosa nini? Hakuweka kimo cha mita 80. Hakusaini hati yenu wala kibali cha mtu. Alipokatwa, droni ilikuwa chini ya mita tatu kutoka mchangani, chini kabisa ya kile kimo nilichoruhusiwa. Bima ya madhara kwa mtu wa tatu imewekwa kwa ajili yake, na Kanuni za Usafiri wa Anga za Kenya za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinapomtaka anayerusha kwa kazi awe na bima hiyo, zinamfikiria mtu kama yeye, hazinifikirii mimi. Mimi ninaweza kurusha bila bima na nikaangukia mfuko wangu. Yeye hana mahali pa kuangukia.

Jambo hili si geni kwenu. Kampuni za bima zinakatia matatu pia, na kwenye matatu mnalijua vizuri. Sheria ya bima ya magari kwa mtu wa tatu, Sura ya 405, haiwaruhusu kumtupa majeruhi kwa kisingizio kwamba gari lilipita njia isiyoruhusiwa na hati, au lilikuwa nje ya saa zake, au lilijaza watu kuliko idadi, au lilikuwa bovu. Masharti ya namna hiyo yanabaki kati yenu na mwenye gari. Majeruhi analipwa kwanza, ndani ya kikomo cha sheria ambacho ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, halafu ninyi mnamgeukia mwenye gari mkamdai mlichotoa. Sijasikia kampuni iliyofungwa kwa sababu ya utaratibu huo peke yake.

Sasa tazameni droni. Kimo ni kama njia ya matatu. Saa za kibali ni kama saa za leseni ya barabara. Lakini kwa sababu hakuna sheria ya aina ya Sura ya 405 inayozungumzia kitu kinachoruka, mmeiacha hati ibebe adhabu yote, na adhabu inamwangukia asiyehusika. Hamhitaji kungoja Bunge. Ongezeni mstari mmoja kwenye hati: kwamba mtu wa tatu aliyeumia atalipwa hata kama mwenye bima amekiuka masharti, na kwamba kampuni ina haki ya kumdai mwenye bima kiasi hicho. Mimi nitausaini mstari huo kesho. Zile 74,000 nimekwisha kuzilipa kwa mafungu manne, kwa hiyo kudaiwa hakunitishi. Kilichoniuma ni mhudumu kukaa miezi miwili akisubiri, akinipigia simu kwa adabu kila Ijumaa baada ya swala.

La pili ni ramani. Nina shaka kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuchukua hati yake akaiweka juu ya ramani ya pwani. Kanuni zinakataza kuruka bila idhini ndani ya kilomita 7 za viwanja vidogo vya ndege na kilomita 10 za vikubwa. Kiwanja cha Ukunda kiko kilomita mbili tatu tu kutoka ufukwe wa Diani. Chukueni hata lile duara dogo, linaumeza ufukwe wa hoteli karibu wote. Nendeni Malindi, kiwanja kiko mlangoni mwa mji. Nendeni Lamu, ndege zinatua Manda, ng'ambo ya mkondo, na mji wa kale wote pamoja na Shela umo ndani ya duara. Maana yake ni kwamba mahali ambapo harusi za pwani zinafanyika hasa, kila safari ya droni inategemea kibali, na kila kibali kina masharti yake: kimo, saa, mahali. Anayerusha Diani ana njia nyingi zaidi za kukosea kuliko anayerusha katika shamba la mkonge kule Taita Taveta, ingawa ada mnayotutoza ni ileile.

Kisha kuna zile mita 50. Kanuni zinamtaka rubani akae mbali kiasi hicho na watu, magari na majengo yasiyo chini ya udhibiti wake. Harusi ni nini ila watu, magari na majengo? Ipo njia halali ya kulitatua. Unamfanya kila mgeni ajue droni itaruka saa ngapi, unaweka eneo la kupaa na kutua lililozungushiwa kamba, unamweka msaidizi wa kuangalia, unaandika yote hayo kwenye mpango wa kazi, na unaomba idhini ya hali hiyo mahususi. Nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini kwenye fomu yenu ya maombi kuna mstari unaouliza matumizi ya droni, na mimi nikaandika kwa wino mweusi: harusi na sherehe. Mkapokea, mkapiga muhuri, mkatoa risiti. Fomu ina swali kuhusu rangi ya droni. Haina swali kuhusu watu watakuwa umbali gani. Halafu ukurasa wa kumi na moja unasema safari iliyo chini ya mita 50 kutoka kwa mtu asiye wa kikosi cha rubani haifidiwi, bila kusema kama idhini ya mamlaka inabadilisha chochote. Nilimuuliza wakala wangu. Akaniambia, "Kaka, hiyo ni lugha ya mkataba tu, usijali." Wakala huyu ni mtu mwema na amenihudumia vizuri kwa mengine, lakini jibu hilo haliwezi kupelekwa mahakamani.

Ninachotaka hapo ni kidogo. Swali la umbali liingie kwenye fomu, na chini ya kifungu cha mita 50 yaongezwe maneno "isipokuwa pale mamlaka ilipotoa idhini ya maandishi na masharti yake yakafuatwa". Asiye na idhini mnyimeni. Aliyekwenda ofisini, akalipa, akangoja, akaipata, asiwekwe kapu moja na mtoto aliyeletewa droni na mjomba kutoka Dubai.

La tatu ni zile rekodi za safari. Rafiki yangu, mpiga picha mwenzangu, alipoteza droni yake mwezi uliofuata kule mdomo wa mto Mwachema, karibu na msikiti wa kale wa Kongo. Alikuwa anapiga picha za mwamba kwa ajili ya hoteli moja, bila mtu chini, maji yamejaa. Injini moja ilisimama. Nimeitazama rekodi yake nikiwa nimeketi naye barazani, na hata asiyejua kitu angeielewa. Kimo mita 38, injini ya nyuma kulia inashuka hadi sifuri, chombo kinapinduka karibu tumbo juu, na kimo kinakwenda kutoka 38 hadi sifuri kwa sekunde tatu na ushee. Kisha kimya. Mahali pa mwisho ni nje ya mwamba, penye kina ambacho mvuvi wa kuzamia hapendi kwenda wakati wa kusi.

Jibu alilopata: hasara haijathibitishwa, kwa kuwa hakuna mabaki. Hati inakataa "kupotea kusikoeleweka". Alete droni au kipande chake.

Sheikh, droni iko chini ya bahari. Na rekodi hiyo ni ya aina ileile mliyoitumia kunifunga mimi kwa sekunde 70. Ilipotufunga mliisoma hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Ilipomtetea mwenzangu mkasema karatasi haitoshi, leteni chuma. Najua hofu yenu, maana nimemsikia mkadiriaji akiisema waziwazi: watu huuza droni wakadai imezama. Wapo, siwatetei. Lakini rekodi ndiyo inayowatofautisha. Aliyeificha droni begini hawezi kuonyesha injini inayosimama ikiwa angani na chombo kikianguka kama jiwe. Rekodi yake hukatika ikiwa bado inaruka vizuri, au haipo kabisa, au "simu imeibwa". Programu za sasa huzihifadhi zikiwa zimefungwa kwa msimbo, kwa hiyo si jambo la kufungua na kubadilisha tarakimu mbili jioni. Na mkitaka uhakika zaidi, takeni mambo matatu kwa pamoja: rekodi asilia kutoka kwenye simu au kidhibiti chenyewe, siyo picha ya skrini, video iliyokuwa inaonekana simuni hadi mwisho, ambayo programu nyingi huihifadhi kwa ubora wa chini, na taarifa ya polisi au mamlaka iliyotolewa ndani ya saa 48. Mwenye yote matatu mlipeni bila kumpeleka baharini.

Mkimlipa, jambo moja pia lielezwe mapema, kwa sababu hapa lawama si zenu peke yenu. Wengi wetu tunaandika thamani ya mfuko mzima, droni, kidhibiti, betri tatu, chaja, begi, kisha droni inazama na betri moja, na tunashangaa tukilipwa pungufu. Mwenzangu alikata bima ya shilingi 260,000. Kilichozama, kwa hesabu ya risiti zake mwenyewe, kilikuwa cha 165,000, kabla ya kuondoa sehemu anayobeba yeye na uchakavu wa mwaka mmoja na nusu. Orodhesheni kila kifaa na bei yake kwenye jedwali la hati, hata mteja akilalamika kwamba fomu ni ndefu. Tusipoorodhesha mwanzoni, tutagombana mwishoni.

Najua yupo atakayesema kwamba kulegeza masharti ni kuwafundisha marubani uzembe. Uingereza walijiuliza hilohilo. Sheria yao ya Bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, inasema kwa kifupi kwamba kama sharti lililokiukwa lisingeweza kuongeza hatari ya hasara ile iliyotokea, kwa namna ilivyotokea, kampuni isijifiche nyuma yake. Mtu aliyeruka juu kuliko kibali, droni ikaanguka kwa sababu ya kupanda juu, bado ananyimwa. Ndiyo hali yangu, nimeshakubali. Lakini mtu ambaye kibandiko cha namba ya usajili kimebanduka kwa chumvi ya bahari, halafu kunguru akaishambulia droni yake, hanyimwi kwa ajili ya kibandiko. Hilo nalo mnaweza kuliandika kwenye hati zenu wenyewe bila kulazimishwa, na Mamlaka ya Kusimamia Bima, ninayoipelekea nakala ya barua hii, haitawakataza kumtendea mteja mema kuliko sheria inavyodai.

Mwisho ni lugha. Hati yangu ina kurasa kumi na nne za Kiingereza, na maneno ya kurasa nne kati ya hizo yametolewa kwenye bima za ndege zenye marubani. Kuna kifungu kuhusu mizigo ya abiria. Wateja wenu wa pwani wanafanya biashara kwa Kiswahili, na mhudumu yule aliyeumia alipokea barua ya kukataliwa asiyoweza kuisoma. Alinipa mimi nimsomee, mimi niliyemkata. Wekeni ukurasa mmoja wa mbele kwa Kiswahili: kimo, umbali, maeneo yanayohitaji idhini, lini mtu wa tatu atalipwa, rekodi gani ihifadhiwe.

Bima yangu inakwisha tarehe 30 mwezi huu na ilani ya kuilipia upya imekwisha kufika, ada imepanda. Jumamosi ijayo nina harusi Galu. Nimemwambia mama wa bibi harusi kwamba picha za juu safari hii hazitakuwepo, na yeye akaniuliza kama nimeuza droni. Hoteli imenikubalia nitumie roshani ya ghorofa ya pili, na fundi wa mahema ana ngazi ya futi 16 atakayonikodisha kwa shilingi 500.

Wenu,
Mpiga picha wa harusi, Ukunda